Kalenda ya Mchicha: Jinsi ya Kupata Mavuno Mfululizo Katika Bustani ya Dar es Salaam

Mchicha ung'olewao alfajiri huwa umekwisha kunyauka kabla ya magharibi. Muuza mboga wa Kariakoo au wa Kisutu huunyunyizia maji na kuufunika kwa gunia bichi, lakini hila hizo humpatia saa chache tu. Mahindi yaliyovunwa yote kwa siku moja huweza kuwekwa ghalani hadi mwaka ujao. Mchicha hauna ghala. Kwa sababu hiyo mkulima wa mboga za majani akipanda shamba lake lote siku moja, hupata mali nyingi asiyoweza kuiuza kwa muda wa siku tatu au nne, na baadaye hukaa majuma kadhaa bila ya kuwa na kitu cha kupeleka sokoni.

Wakulima wa mabonde ya jiji la Dar es Salaam wamelitambua jambo hili tangu zamani. Mtu apitaye kando ya bonde la Msimbazi huona matuta ya mchicha yenye vimo tofauti: moja limeng'olewa jana, la pili limefikia goti, la tatu limeanza kuchipua, na la nne bado ni udongo mtupu uliochanganywa na samadi. Wachuuzi wengi hununua tuta zima mchicha ukiwa bado umesimama shambani, kisha huung'oa wenyewe siku ya kuuza. Kwa hiyo bidhaa ya mkulima huyo si fungu la mchicha, bali ni tuta lililokomaa kwa siku iliyokubaliwa. Siku hiyo ikipita bila ya tuta kuwa tayari, mchuuzi huenda kwa mkulima mwingine, na aghalabu harudi.

Njia ya kupanga matuta yakomae moja baada ya jingine huitwa kupanda kwa zamu. Kwa juu juu huonekana kuwa rahisi: sia tuta moja leo, na jingine baada ya siku chache. Hata hivyo mwalimu anayeanzisha bustani ya shule hugundua upesi kwamba zamu iliyokwenda vizuri mwezi wa Februari huharibika mwezi wa Julai, ingawa mbegu ni ile ile, udongo ni ule ule na maji hayakupungua. Sababu yake inaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo, na dawa yake ni nyepesi kuliko hesabu yenyewe.

Dirisha la mavuno

Jambo la kwanza la kujua kuhusu mboga yoyote ni idadi ya siku ambazo huweza kusubiri shambani baada ya kukomaa bila ya kupoteza thamani. Muda huo unaweza kuitwa dirisha la mavuno. Kabichi hungoja kwa siku nyingi. Mchicha wa kung'olewa hungoja siku tatu hivi, au tano iwapo hali ya hewa ni ya ubaridi. Kabla ya hapo mashina ni membamba na fungu halijai mkono; baada ya hapo mashina huwa magumu yenye nyuzi, majani ya chini hugeuka manjano, na mmea huanza kutoa maua. Mnunuzi wa Kariakoo hulitambua shina gumu kwa kulivunja kwa kidole: likikatika mara moja, mchicha ni mchanga, likipinda bila ya kukatika, wakati wake umepita.

Dirisha hili ndilo linaloamua kipimo cha zamu. Ikiwa tuta moja laweza kuuzwa kwa siku tatu, basi tuta linalofuata hapana budi liwe tayari katika siku ya nne. Matuta yakipishana kwa siku saba, kutakuwa na siku nne za ukame katika kila juma. Yakipishana kwa siku moja, matuta matatu yatakuwa yamekomaa kwa pamoja, na moja au mawili yatazeeka shambani.

Hesabu ya matuta

Jambo la pili ni idadi ya matuta yanayohitajiwa. Hapa wengi hukosea, kwani hukadiria kwa kuangalia eneo walilo nalo badala ya muda.

Kila tuta hupita katika mzunguko. Kwanza husiwa, kisha hukua, kisha hung'olewa, mwisho hulimwa upya, hutiwa samadi iliyooza na kusawazishwa kwa reki kabla ya kusiwa tena. Katika joto la Februari, mchicha wa Dar es Salaam huchukua yapata siku 21 tangu kusiwa hadi kung'olewa. Kazi ya kulitayarisha tuta upya na ichukuliwe kuwa siku 3. Mzunguko mzima basi ni siku 24. Ikiwa tuta moja husiwa kila baada ya siku 3, idadi ya matuta hupatikana kwa kugawanya:

24 ÷ 3 = 8

Matuta manane yatosha. Tuta la kwanza likisiwa siku ya 0, la pili husiwa siku ya 3, la tatu siku ya 6, na kuendelea hadi la nane, ambalo husiwa siku ya 21. Katika siku hiyo hiyo ya 21 tuta la kwanza huwa tayari kung'olewa. Hulimwa na kutiwa samadi, na siku ya 24 husiwa tena, siku tatu kamili baada ya lile la nane. Mzunguko umefunga. Hakuna tuta linalolala bure, wala hakuna siku ya zamu inayokosa tuta.

Joto na umri wa mchicha

Vitabu vingi vya bustani vilivyoandikwa Ulaya hueleza kupanda kwa zamu kwa kuzingatia majira manne na urefu wa mchana. Mambo hayo hayawezi kuhamishwa hivi hivi hadi Dar es Salaam. Jiji hili liko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka ni chini ya saa moja. Joto nalo halibadiliki sana: wastani wa mwezi wa Februari ni karibu nyuzi 28 za Sentigredi, na wa Julai, upepo wa kusi unapovuma, ni karibu nyuzi 23 na nusu. Tofauti ni nyuzi nne na nusu tu. Mtu huweza kudhani kwamba tofauti ndogo kiasi hicho haiwezi kuudhuru mpango wa bustani.

Lakini mmea hauhesabu joto kuanzia sifuri. Kila aina ya mmea ina kiwango cha joto ambacho chini yake haukui kabisa, na ni joto lililozidi kiwango hicho tu ndilo linaloufanyia kazi. Mchicha ni mmea wa nchi za joto. Kwa mfano huu kiwango chake na kichukuliwe kuwa nyuzi 10. Basi siku moja ya Februari huupa mchicha nyuzi 28 kutoa 10, yaani nyuzi 18 za kazi. Siku moja ya Julai huupa nyuzi 23.5 kutoa 10, yaani nyuzi 13.5 tu. Wanasayansi wa kilimo huzijumlisha nyuzi hizi siku kwa siku, na jumla yake yaweza kuitwa nyuzi-siku.

Mchicha wa Februari uliokomaa kwa siku 21 umekusanya:

18 × 21 = nyuzi-siku 378

Mchicha wa Julai nao hauna budi kukusanya kiasi hicho hicho, ila kwa mwendo wa polepole:

378 ÷ 13.5 = siku 28

Hesabu hii inakubaliana na uzoefu wa wakulima wa jiji, ambao husema kwamba mchicha huchukua majuma matatu hadi manne. Majuma hayo si ya kubahatisha. Matatu ni ya wakati wa joto, na manne ni ya wakati wa ubaridi.

Pengo la siku kumi

Sasa na ifuatwe bustani ile ile ya matuta manane, katika mwezi wa Julai, chini ya mkulima ambaye hakuibadili kalenda yake ya Februari. Yeye husia kila siku ya tatu kama alivyozoea. Siku ya 21 amekwisha kusia tuta la nane. Siku ya 24 huja na jembe lake kwenye tuta la kwanza, lakini huukuta mchicha haujafikia kimo cha kuuzwa. Hana tuta tupu la kusia. Hungoja. Tuta la kwanza hukomaa siku ya 28, na kazi ya kulitayarisha humalizika siku ya 31. Hapo ndipo anaposia tena.

Baina ya siku ya 21 na ya 31, basi, hakusia kitu kwa siku kumi badala ya tatu. Wakati huo hasikii madhara yoyote, kwa maana matuta yake manane yamesimama na yanapendeza. Kuanzia siku ya 28 huvuna kila siku ya tatu bila ya tatizo hadi kufikia siku ya 49, anapong'oa tuta la nane. Tuta linalofuata ni lile lililosiwa siku ya 31, nalo litakomaa siku ya 59. Kwa siku kumi nzima hana cha kuuza.

Hiyo ndiyo hila ya kosa hili: pengo la kusia hutokea leo, na pengo la sokoni hutokea baada ya majuma manne. Mkulima huitafuta sababu katika mambo ya juma hilo la njaa, akalaumu mbegu, maji au mbolea, ilhali sababu ni siku zile alizosimama na jembe mkononi mwezi uliopita. Kwa hiyo dalili ya kuitazama ni moja: ikiwa siku ya zamu imefika na hakuna tuta tupu, pengo limekwisha kuzaliwa, hata kama bustani nzima ni ya kijani.

Tiba zake ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza matuta. Mzunguko wa Julai ni siku 28 na 3, yaani 31. Ukigawanywa kwa 3 hupatikana matuta 10 na sehemu. Kwa hiyo yahitajiwa 11. Mkulima mwenye nafasi huweza kuyaacha matuta matatu kwa mazao mengine wakati wa joto, akayarudisha kwenye mchicha wakati wa ubaridi. Tiba ya pili, kwa mwenye matuta manane tu, ni kukubali zamu ndefu zaidi: 31 ikigawanywa kwa 8 ni karibu 4. Akisia kila siku ya nne, mavuno yatapungua kidogo kwa mwezi, lakini yatafika kwa mpangilio. Mchuuzi huweza kuizoea zamu ya siku nne. Asichoweza kukizoea ni zamu ya siku tatu ambayo ghafla hugeuka kuwa ya siku kumi. Tena katika ubaridi dirisha la mavuno hupanuka, hivyo tuta la siku ya nne bado huwa laini.

Mche kuwa ndio kalenda

Si kila mkulima ana kipimajoto, wala si lazima awe nacho. Nyuzi-siku zinazoamua siku ya kukomaa huamua pia, kwa kiasi kikubwa, siku ya kuota. Mbegu ya mchicha iliyosiwa katika udongo wenye unyevu wa kutosha huchomoza kwa siku 3 hivi mwezi wa Februari, na kwa siku 4 hivi mwezi wa Julai. Uwiano ni ule ule wa 21 kwa 28.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni fupi: tuta jipya lisiwe siku ile miche ya tuta lililotangulia inapoonekana juu ya udongo kwa mstari mzima. Wakati wa joto kanuni hii humwambia mkulima asie kila siku ya tatu. Wakati wa ubaridi humwambia asie kila siku ya nne. Mche wenyewe umeifanya hesabu.

Kanuni hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni unyevu. Katika udongo wa kichanga wa pwani, tuta lisilomwagiliwa asubuhi na jioni hukauka juu kwa saa chache, na mbegu, ambayo ni ndogo sana na husiwa karibu na uso wa udongo, hukosa maji. Miche ikichelewa kwa sababu ya ukavu, si ishara ya joto bali ni ishara ya uzembe. La pili ni kikomo: ikipita siku ya tano bila ya kuona mche, mkulima asingoje tena. Mbegu imekufa, imesombwa au imeliwa na sisimizi. Tuta lisiwe upya, na zamu iendelee.

Wakati wa masika

Katika miezi ya Machi, Aprili na Mei tatizo si joto, ni mvua. Matone makubwa huipiga miche na kuilaza; maji yanayotiririka huzisogeza mbegu zote upande mmoja wa tuta; na unyevu usiokauka huleta ugonjwa wa kinyausi, ambapo shina changa huoza usawa wa udongo na mche huanguka kana kwamba umekatwa kwa wembe. Mchicha mkubwa nao hushikwa na kutu nyeupe: madoa ya manjano juu ya jani, na chini yake vipele vyeupe kama unga. Mchuuzi haununui mchicha wenye vipele hivyo.

Basi wakati wa masika zamu haitakiwi kurefushwa wala kufupishwa, bali kuwekewa akiba. Matuta yainuliwe kiasi cha sentimita 20 juu ya njia ili maji yashuke. Tuta lililosiwa lifunikwe kwa makuti au nyasi kwa siku mbili tatu, na kifuniko kiondolewe mara miche ichomozapo. Na kwa kuwa baadhi ya matuta yatapotea hata hivyo, mkulima mwenye busara husia matuta mawili nusu nusu, katika sehemu mbili za bustani, badala ya tuta moja zima. Likipotea moja, la pili humwezesha kutimiza ahadi yake.

Akiba nyingine ni matembele, yaani majani ya viazi vitamu, ambayo hustahimili mvua kuliko mchicha. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina, na huanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita. Yakipandwa mwishoni mwa Februari, huwa tayari wakati mvua za Aprili zinapouharibu mchicha.

Mboga zinazochumwa tena na tena

Matembele yanafundisha tofauti iliyo muhimu. Mchicha wa kung'olewa hutoa mara moja na kwisha. Kwa hiyo zamu hufanywa kwa kupanda. Matembele huchipua tena baada ya kuchumwa. Kwa hiyo zamu hufanywa kwa kuchuma. Sehemu yote hupandwa kwa siku moja, kisha hugawanywa katika vipande vitano au sita, na kipande kimoja tu huchumwa kila zamu. Wakati mkulima anaporudi kwenye kipande cha kwanza, vichipukizi vyake vimekwisha kurefuka. Akivichuma vipande vyote kwa siku moja, amelifanya shamba la kudumu kuwa kama tuta la mchicha lililopandwa bila ya mpango.

Bamia liko katikati. Huanza kuzaa siku 50 hadi 60 baada ya kupandwa, na kisha huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu kwa muda wa wiki sita au zaidi, kabla ya mazao kupungua. Kulipanda kila siku ya tatu kungekuwa upuuzi. Yatosha kupanda safu mpya kila baada ya wiki sita, ili safu changa ianze kuzaa wakati safu kuukuu inapochoka.

Kalenda kwa ufupi

Kwa bustani ya matuta manane ya mchicha iliyo Dar es Salaam au mahali penye hali ya hewa kama hiyo, mpango wa mwaka huweza kuandikwa hivi:

Januari na Februari: tuta moja kila siku ya 3, kumwagilia asubuhi na jioni, matembele kupandwa mwishoni mwa Februari.

Machi hadi Mei: nusu tuta mbili katika sehemu mbalimbali kila siku ya 3, kisha kila siku ya 4 ubaridi unapoingia, matuta yainuliwe na kufunikwa, matembele kuchumwa kwa zamu.

Juni hadi Agosti: tuta moja kila siku ya 4, au matuta kuongezwa hadi 11 kwa zamu ya siku 3.

Septemba hadi Desemba: kurudi polepole kwenye siku ya 3 kadiri miche inavyoharakisha kuchomoza, tahadhari za masika kurudiwa mvua za vuli zikiwa kubwa.

Msomaji wa Lushoto, Njombe au Arusha asiichukue kalenda hii kama ilivyo, kwa sababu joto la huko ni dogo zaidi. Aichukue kanuni, kisha azihesabu siku za mahali pake.

Kalenda hii ina mpaka mmoja ambao hesabu haiwezi kuuvuka. Kupanda kwa zamu hutawanya hatari katika wakati, si katika mahali. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mafuriko makubwa yalilikumba bonde la Msimbazi. Maji ya namna hiyo yakiingia bustanini, hayachagui tuta la siku ya 3 wala la siku ya 20. Mwenye matuta yake yote bondeni, hata akiyapanga kwa ustadi namna gani, hana zamu mbele ya mto. Matuta mawili au matatu mahali pa juu, ijapokuwa pana udongo hafifu na maji ya mbali, ndiyo yatakayompa mbegu ya kuanzia tena.

Jaribio kwa wanafunzi

Sia mbegu za mchicha kutoka pakiti moja katika matuta madogo mawili, la kwanza mwezi wa Februari na la pili mwezi wa Julai. Kila siku andika kiwango cha juu na cha chini cha joto, vijumlishe na kugawanya kwa 2 ili kupata wastani, kisha toa 10. Jumlisha matokeo tangu siku ya kusia hadi siku ambayo nusu ya miche imefikia sentimita 20.

1. Je, idadi ya siku za matuta mawili hayo ni sawa? Je, jumla ya nyuzi-siku ni sawa?

2. Rudia hesabu kwa kutoa 8, na tena kwa kutoa 12. Ni namba ipi inayozifanya jumla mbili zikaribiane zaidi? Hiyo ndiyo inayokaribia kiwango cha kweli cha mbegu yenu.

3. Kwa siku mlizozipata, bustani ya shule yenu yahitaji matuta mangapi mwezi wa Julai ili mavuno yafike kila siku ya tatu?